Muhtasari Ukibadilika, Maswali ya Mitihani Iliyopita Huchujwaje?

*Swali la msomaji: Ninafundisha Fizikia kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani wa IGCSE wa Cambridge, msimbo 0625. Nimeachiwa folda yenye karatasi za mitihani kuanzia mwaka 2010. Wanafunzi wanalalamika kwamba baadhi ya maswali hayamo tena katika muhtasari, na mara nyingine majibu yao hayalingani na mwongozo wa usahihishaji ingawa hesabu zao naziona ni sahihi. Nitajuaje muhtasari ulibadilika lini na wapi, na nitaamuaje maswali yapi yabaki?*

Mwalimu mwenzangu, katika somo hilo kuna mipaka miwili unayopaswa kuijua kabla hujafungua folda: mwaka 2016 na mwaka 2023. Mwaka 2016 ulibadilika mpangilio wa karatasi zenyewe, na mwaka 2023 yakabadilika maudhui pamoja na namba moja ndogo inayoingia katika hesabu nyingi, ambayo nadhani ndiyo chanzo cha majibu yasiyolingana. Hata hivyo, usifanye kosa la kukata folda vipande viwili kwa mwaka, kwamba yaliyo kabla ya 2023 yatupwe na yaliyo baada yake yabaki. Mwaka ulioandikwa kwenye karatasi hukueleza tu uwe na shaka kiasi gani. Kinachohukumiwa ni kipengele kimoja kimoja cha swali, yaani (a), (b) na (c), na kinachokihukumu ni sentensi ya muhtasari unaotumika katika mwaka ambao wanafunzi wako watakaa katika chumba cha mtihani.

Tuanze na kugundua mabadiliko. Jalada la muhtasari wa Cambridge huandikwa miaka ya mitihani ambayo muhtasari huo unahusu. Kwa 0625, kuna uliohusu 2020, 2021 na 2022, kisha uliohusu 2023, 2024 na 2025, na unaofuata ni wa 2026, 2027 na 2028. Miaka hiyo ni ya kufanya mtihani, si ya kuanza masomo. Mwanafunzi aliyeanza kozi ya miaka miwili mwaka 2024 na atakayefanya mtihani mwaka 2026 hatumii muhtasari wa 2023 hadi 2025, hata kama ndio uliokuwa mezani siku alipoanza. Hilo huwapotosha walimu wengi zaidi kuliko mabadiliko yenyewe. Angalia pia namba ya toleo, kwa sababu ndani ya kipindi kilekile cha miaka mitatu muhtasari unaweza kutolewa upya ukiwa na masahihisho.

Ukishashika muhtasari sahihi, nenda mwishoni. Huko kuna sura inayoeleza mabadiliko ikilinganishwa na muhtasari uliotangulia. Mabadiliko yanapokuwa machache, sehemu zilizoguswa hutiwa mistari myeusi ya wima pembeni mwa maandishi, na kazi yako inakuwa nyepesi. Lakini muhtasari unapoandikwa upya kwa kiasi kikubwa, kama ilivyokuwa kwa 2023, sura hiyo hukupa picha ya jumla tu, na waraka wenyewe huwashauri walimu wausome wote kabla ya kupanga ufundishaji. Ushauri huo uuchukulie kama ulivyo. Sura ya mabadiliko hukuhakikishia kwamba kitu kimebadilika. Haikuhakikishii kwamba kile ambacho haikukitaja kimebaki vilevile.

Kwa hiyo itakubidi ulinganishe mihtasari miwili mwenyewe, na hapa namna ya kulinganisha ina maana kuliko bidii. Ukiweka waraka wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu na kushuka ukurasa kwa ukurasa, utachanganyikiwa mapema, kwa sababu mada zimepangwa upya. Muhtasari wa 2020 hadi 2022 ulikuwa na mada kuu tano, ya kwanza ikiwa fizikia ya jumla na ya mwisho fizikia ya atomu. Wa 2023 una sita: mwendo, nguvu na nishati, fizikia ya joto, mawimbi, umeme na usumaku, fizikia ya nyuklia, na fizikia ya anga za juu. Namba ya kifungu haikusaidii kitu kati ya waraka mmoja na mwingine. Ninachokushauri ni kuuchukua muhtasari wa zamani, kusoma lengo moja la ujifunzaji, kisha kutafuta katika muhtasari mpya kwa jina la kitu kinachozungumziwa, si kwa namba wala kwa kichwa cha sura. Ukikipata kwa maneno yaleyale, tia alama moja. Ukikipata lakini kitenzi, kiwango au mlinganyo umebadilika, tia alama nyingine na uandike pembeni kilichobadilika. Usipokipata kabisa baada ya kutafuta kwa majina mawili au matatu tofauti, ndipo uandike kwamba kimeondolewa.

Ukimaliza, rudi kwa upande wa pili: chukua muhtasari mpya na utafute kila lengo lake katika ule wa zamani. Safari hii ya pili huachwa na wengi kwa sababu inaonekana kurudia kazi, kumbe inajibu swali tofauti kabisa. Safari ya kwanza inakuonyesha maswali gani yamekufa. Ya pili inakuonyesha mada ambazo folda yako haina swali hata moja linalozihusu, na hilo ndilo humwumiza mwanafunzi zaidi, kwa kuwa swali lililokufa humpotezea muda tu, ilhali mada isiyo na swali humpeleka kwenye mtihani bila mazoezi yoyote.

Katika kulinganisha, usitazame mada peke yake. Muhtasari huu hugawa malengo katika sehemu ya msingi, ambayo ni ya watahiniwa wote, na sehemu ya nyongeza, ambayo ni ya wale wanaofanya karatasi za ngazi ya juu. Lengo linaweza kubaki neno kwa neno lakini likahama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kwa mwanafunzi wa ngazi ya juu uhamisho huo haumgusi, kwa sababu yeye anawajibika kwa sehemu zote mbili. Kwa mwanafunzi wa ngazi ya msingi unageuza swali lililokuwa halali kuwa swali lisilomhusu, au kinyume chake. Vivyo hivyo kwa vitenzi: lengo linalomtaka mwanafunzi ataje jambo si sawa na linalomtaka aeleze sababu yake, na swali la zamani la alama nne za maelezo linaweza kuwa zito kupita kiasi kwa lengo ambalo sasa linataka kutaja tu.

Ikiwa mihtasari ya zamani huna, karatasi zenyewe huzungumza. Ukurasa wa kwanza wa karatasi ya nadharia ya 0625 una sentensi inayompa mtahiniwa uzito wa kilo moja. Hadi mitihani ya 2022 sentensi hiyo ilisema uzito wa kilo 1.0 uchukuliwe kuwa niutoni 10, yaani mchapuko wa kuanguka huru ni 10 m/s². Kuanzia 2023 inasema niutoni 9.8, na mchapuko ni 9.8 m/s². Sentensi moja, lakini inakuonyesha papo hapo upande gani wa mpaka umesimama.

Mpaka wa 2016 nao husomeka katika majina ya mafaili. Jina kama `0625_s22_qp_42` linasema kwamba hii ni karatasi ya maswali ya msimu wa Mei na Juni 2022, karatasi ya 4, lahaja ya 2. Herufi `w` ni ya msimu wa Oktoba na Novemba, `m` ni ya Machi, na `ms` ni mwongozo wa usahihishaji. Tangu 2016, karatasi ya 1 ni ya maswali ya kuchagua kwa ngazi ya msingi, ya 2 ni ya kuchagua kwa ngazi ya juu, ya 3 ni nadharia ya msingi na ya 4 ni nadharia ya ngazi ya juu. Kabla ya hapo, karatasi ya 1 ya kuchagua ilikuwa moja kwa watahiniwa wote, ya 2 ilikuwa nadharia ya msingi, na ya 3 ndiyo iliyokuwa nadharia ya ngazi ya juu. Maana yake ni kwamba `0625_s13_qp_31` katika folda yako si ya mwanafunzi wa ngazi ya msingi, ingawa namba 3 leo inasema hivyo. Nimeona walimu wakiwapa wanafunzi wa ngazi ya msingi karatasi hizo, wanafunzi wakafeli vibaya, na kila mtu akatafuta kosa katika ufundishaji. Kabla ya kuchuja swali lolote la kabla ya 2016, badilisha kwanza majina ya mafaili hayo, au yaweke katika folda yake yenye maelezo.

Sasa nije kwenye majibu yasiyolingana. Mwanafunzi wako amezoea 9.8 kwa sababu ndiyo anayofundishwa, na mwongozo wa usahihishaji wa 2019 umeandikwa kwa 10. Katika swali jepesi tofauti haionekani sana. Mzigo wa kilo 0.50 ukiinuliwa mita 1.2, ongezeko la nishati kwa thamani ya zamani ni 0.50 × 10 × 1.2, yaani jouli 6.0, kwa thamani mpya ni jouli 5.88, ambayo huandikwa 5.9. Tofauti ni asilimia mbili, na mwalimu akiona 5.9 hutambua haraka kilichotokea.

Tatizo kubwa liko katika maswali yenye kutoa. Chukua sanduku la kilo 4.0 linalovutwa wima kwenda juu kwa kamba yenye nguvu ya niutoni 50, na mwanafunzi anatakiwa kukokotoa mchapuko wake. Kwa 10, uzito ni niutoni 40, nguvu inayobaki ni niutoni 10, na mchapuko ni 2.5 m/s². Kwa 9.8, uzito ni niutoni 39.2, nguvu inayobaki ni niutoni 10.8, na mchapuko ni 2.7 m/s². Asilimia mbili za mwanzo zimekuwa asilimia nane, kwa sababu kutoa namba mbili zinazokaribiana hukuza tofauti ndogo iliyokuwa imejificha katika mojawapo. Kadiri nguvu ya kamba inavyokaribia uzito wa sanduku, ndivyo tofauti hiyo inavyozidi. Mwalimu anayesahihisha kwa kutazama jibu la mwisho ataweka kosa, na mwanafunzi aliyefanya kila kitu vizuri ataanza kutilia shaka njia yake sahihi.

Maswali ya namna hii hayajafa. Lengo lake, yaani nguvu, uzito na mchapuko, limo katika muhtasari mpya. Yanahitaji kurekebishwa, na marekebisho ni ya mwongozo, si ya swali: kokotoa upya kila jibu linalopitia uzito, uliandike pembeni mwa mwongozo wa zamani, na ufuatilie jibu hilo katika vipengele vinavyofuata, kwa sababu jibu la (a) mara nyingi huingia (b) na (c). Hakuna haja ya kugusa swali ambalo uzito umetolewa moja kwa moja kwa niutoni, wala lile la mizani ambamo mchapuko upo pande zote mbili na unafutika. Maswali ya kuchagua yanataka uangalifu zaidi. Kama machaguo ni 0.6, 6, 60 na 600, mwanafunzi anayepata 58.8 atachagua 60 bila shida. Kama machaguo yamekaribiana, mwandishi wa swali aliyapanga kwa thamani ya 10, na thamani ya 9.8 inaweza kumweka mwanafunzi katikati ya mawili. Hayo ama uyaandike upya, ama uandike juu ya ukurasa kwamba hapa thamani ni 10. Mimi hupendelea kuandika upya, kwa sababu sitaki mwanafunzi azoee kubadilisha thamani kila anapofungua ukurasa.

Upande wa pili wa mpaka wa 2023 ni maudhui yaliyoondoka. Mfano ulio wazi ni elektroniki ya dijitali: milango ya mantiki pamoja na majedwali yake ya ukweli ilikuwa katika sehemu ya nyongeza ya muhtasari wa 2020 hadi 2022, na haimo katika ule wa 2023. Ingekuwa rahisi kama milango hiyo ingekuwa ikiulizwa peke yake. Lakini watunzi wa mitihani hupenda kuunganisha mambo, na hapo ndipo uamuzi unapohitaji utulivu. Fikiria swali la aina iliyokuwa ya kawaida wakati huo, lenye saketi ambamo rezista ya omu 2000 na themista zimeunganishwa mfululizo kwenye betri ya volti 6.0, na volteji ya themista inaingia katika mlango wa mantiki unaowasha king'ora.

Kipengele (a) kinasema kwamba katika halijoto fulani ukinzani wa themista ni omu 1000, na kinataka volteji iliyo kati ya ncha zake. Volteji hugawanyika kwa uwiano wa ukinzani, kwa hiyo themista inapata theluthi moja, yaani volti 2.0, na rezista inapata volti 4.0. Muhtasari mpya unamtaka mwanafunzi wa ngazi ya juu atumie uwiano huohuo kwa rezista mbili zinazogawana volteji, na themista imo bado. Kipengele hiki ni hai. Kipengele (b) kinataka mwanafunzi akamilishe jedwali la ukweli la mlango huo, na hakina pa kusimama katika muhtasari mpya, kimekufa. Kipengele (c) kinauliza volteji ya themista inabadilikaje halijoto ikishuka. Ukinzani wa themista unaongezeka, mgao wake wa volteji unaongezeka, na jibu halihitaji kujua chochote kuhusu mlango wa mantiki. Hiki pia ni hai. Kipengele (d) kinataka maelezo ya kwa nini king'ora kinalia wakati wa baridi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hoja ya mwanzo ni ya volteji na hoja ya mwisho ni ya mlango. Fungua mwongozo wa usahihishaji uone alama zimegawanywaje. Ikiwa alama moja ni ya volteji kupanda na nyingine ni ya tabia ya mlango, kifute kipengele chote, kwa sababu nusu ya jibu haifundishi mwanafunzi namna jibu zima linavyoandikwa.

Ukiwapa wanafunzi swali hili, usilifute (b) kwa kalamu na kuwaachia mchoro wenye alama ngeni ya mlango. Chora upya saketi ikiishia kwenye voltimita iliyounganishwa sambamba na themista, na (a) na (c) zitasimama zenyewe. Kuna mwongozo mmoja rahisi wa kujua kama kipengele kinaweza kuokolewa: kisome huku umefunika vipengele vilivyokufa. Kama bado kinaeleweka na data zake zote zipo, kibaki. Kama kinaanza na maneno kama "kwa kutumia jibu lako la (b)", kimekwenda na (b).

Kabla hujafuta swali lolote kwa sababu mazingira yake hayamo katika muhtasari, kuna jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Malengo ya upimaji wa 0625 yamegawanywa katika maarifa na uelewa, ambayo yana uzito wa asilimia 50. Kushughulikia taarifa na kutatua matatizo, asilimia 30. Na ujuzi wa majaribio, asilimia 20. Kuhusu lile la pili muhtasari unasema wazi kwamba maswali yanaweza kujengwa juu ya taarifa ambazo mtahiniwa hazifahamu, ili atumie kanuni anazozijua katika mazingira mageni. Kwa hiyo swali linalohusu kifaa ambacho hakitajwi popote katika muhtasari si lazima liwe limekufa. Jiulize: je, swali linampa mwanafunzi maelezo yote ya kifaa hicho, kisha linamtaka atumie kanuni iliyomo katika muhtasari? Kama ndiyo, ni hai, tena ni zoezi zuri kuliko mengi. Je, linamtaka akumbuke mwenyewe kifaa hicho ni nini au kinafanya kazi gani? Hapo limekufa. Tofauti iko katika nani anayebeba maelezo, karatasi au kumbukumbu ya mwanafunzi. Walimu waliotoka kulinganisha mihtasari wakiwa na ari huwa wakali kupita kiasi hapa, na hutupa maswali mazuri kwa sababu tu jina geni limeonekana katika mstari wa kwanza.

Mada zisizo na maswali ndizo ngumu zaidi, na katika 0625 mada hiyo ni fizikia ya anga za juu. Karatasi za 2010 hadi 2022 hazikusaidii. Mahali pa kwanza pa kwenda ni karatasi za mfano ambazo baraza lilitoa kwa ajili ya mitihani kuanzia 2023, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kina cha maswali kabla karatasi halisi hazijawa nyingi. Pili, kuna masomo ndugu. Msimbo 0972 ni Fizikia ileile ya IGCSE inayotolewa kwa madaraja ya 9 hadi 1, na karatasi zake zinafaa moja kwa moja. Tatu ni mabaraza mengine: Fizikia ya Edexcel, msimbo `4PH1`, ilianza kutahiniwa mwaka 2019 ikiwa na sehemu ya fizikia ya anga.

Lakini swali la kuazima hupitia mchujo uleule kama swali la zamani, kwa sababu mada kuwa na jina moja hakufanyi malengo yawe mamoja. Kasi ya kitu katika mzingo wa duara, yaani v = 2πr/T, imo katika mihtasari yote miwili, kwa hiyo maswali yake unaweza kuyachukua ukishakagua vipimo. Kuhusu mwanga wa galaksi unaohamia upande wa nyekundu, `4PH1` humtaka mwanafunzi akokotoe kasi kutokana na badiliko la urefu wa wimbi, wakati 0625 inataka ajue kwamba kasi hupatikana kutokana na badiliko hilo, kisha inaelekeza hesabu kwenye konstanti ya Hubble, H₀ = v/d, ambayo thamani yake katika muhtasari ni 2.2 × 10⁻¹⁸ kwa sekunde. Ukiazima bila kuangalia, utawatesa wanafunzi kwa hesabu isiyoulizwa na utawanyima ile inayoulizwa. Hesabu hiyo ya pili ni rahisi kuitungia maswali mwenyewe: umri wa ulimwengu hukadiriwa kwa 1/H₀, ambayo hutoa takriban sekunde 4.5 × 10¹⁷, na kutoka hapo unaweza kumtaka mwanafunzi abadilishe kuwa miaka, au akokotoe umbali wa galaksi akipewa kasi yake.

Karatasi ya 6, ile inayofanywa badala ya mtihani wa vitendo, inastahili upole. Inapima zaidi ujuzi wa kusoma vipimo, kuchora grafu, kutaja tahadhari na kuhukumu matokeo, na ujuzi huo hauzeeki haraka kama maudhui. Swali la mwaka 2017 la kuchora grafu ya urefu wa springi dhidi ya mzigo lingali swali zuri. Angalia tu kifaa kinachotumika na neno linalotumika kwa kipimo, kisha uendelee.

Jambo la mwisho ni kuhusu kuitumia karatasi iliyochujwa kama mtihani wa majaribio. Karatasi ya 4 ina alama 80 kwa saa moja na dakika 15. Tuseme katika karatasi moja ya 2021 umefuta vipengele vyenye jumla ya alama 9. Zimebaki alama 71, na ukiwaachia wanafunzi dakika zote 75 utakuwa umewapa nafasi ambayo hawataipata siku yenyewe. Kwa uwiano, alama 71 zinastahili takriban dakika 67. Njia iliyo bora, ukiwa na muda, ni kujaza pengo hilo kwa maswali ya alama 9 kutoka fizikia ya anga za juu, ili karatasi irudi kwenye alama 80 na pia iguse mada ambayo mtihani wa 2021 haukuwa nayo. Kwa vyovyote vile, usitumie viwango vya madaraja vilivyotangazwa kwa karatasi ya awali kumpa mwanafunzi daraja. Viwango hivyo viliwekwa kwa karatasi ile nzima, kwa ugumu wake na kwa vipengele vyake vyote, na karatasi uliyoshona wewe ni nyingine. Mpe mwanafunzi alama zake na orodha ya vipengele alivyokosa. Daraja lisubiri karatasi nzima ya 2023 au ya baadaye, ambazo ningekushauri uzitenge mapema na usizikate vipande kwa mazoezi ya darasani.